Sofa 12 badala ya 30: barua pepe tuliyoichelewesha

Mteja wetu ana karakana ya sofa Keko, Dar es Salaam, na duka lake liko mbele ya karakana hiyohiyo. Kila mwezi alikuwa anatukabidhi shilingi 3,000,000 za kulipia matangazo ya Facebook na Instagram, na juu yake ada yetu ya 600,000. Tangazo lenyewe halikuwa la ajabu: picha ya seti ya sofa, maneno mawili matatu, na kitufe ambacho ukikigusa kinakufungulia WhatsApp ya duka. Oktoba aliuza seti 30 kwa watu waliotokea kwenye matangazo hayo, Novemba vivyo hivyo. Januari aliuza 12.

Tarakimu nimezisawazisha kidogo ili mwenyewe asitambulike, lakini uwiano wake ni uleule.

Asubuhi ya tarehe 2 Februari nilikaa kumwandikia. Rasimu yangu ya kwanza ilianza hivi: “Mwezi Januari ulikuwa na changamoto kadhaa za kisoko kutokana na msimu wa ada za shule. Hata hivyo, kampeni ilifanikiwa kuonyeshwa zaidi ya mara 800,000. Eneo la walengwa lilifanyiwa marekebisho na maboresho yanaendelea.”

Nikaisoma tena na kuona kwamba haina uongo hata mmoja, na kwamba mama wa watu akimaliza kuisoma hatajua lolote. Ada za shule ni kweli hubana watu Januari. Mara 800,000 ni kweli. Eneo la walengwa lilifanyiwa marekebisho, na hilo nalo ni kweli tupu. Ila lilifanyiwa na nani? Kauli ya kutendwa ina mlango wa nyuma, na sisi watu wa ofisini tumeuzoea mno: “imebainika”, “ilionekana”, “zilijitokeza”. Changamoto hujitokeza zenyewe kama uyoga baada ya mvua. Aliyelifanyia eneo marekebisho ni sisi, tarehe 5 Januari, saa nne asubuhi, na ndilo lililoharibu mwezi.

Nikaifuta rasimu. Lakini huwezi kukiri vizuri jambo ambalo hujalipima, kwa hiyo kabla ya kuandika tena tulirudi kwenye hesabu.

Tangazo la aina hii ni kama bomba lenye viungo vitatu. Pesa inaingia, inanunua maonyesho ya picha kwenye simu za watu. Baadhi ya watu hao wanagusa kitufe na kuanza mazungumzo. Baadhi ya wanaozungumza wananunua. Maji yakipungua mwisho wa bomba, unakagua kiungo kimojakimoja badala ya kulilaumu bomba zima. Oktoba na Novemba kila mazungumzo yalitugharimu shilingi 5,000, yaani 600 kwa mwezi, na katika kila watu 20 waliozungumza mmoja alinunua. Januari mazungumzo yalikuwa 375, kila moja kwa shilingi 8,000, na mnunuzi alikuwa mmoja katika kila watu 31. Kwa hiyo bomba lilivuja mahali pawili: watu wachache zaidi walikuja, na kati ya waliokuja wachache zaidi walinunua.

Desemba tuliiacha nje ya ulinganisho kwa makusudi. Watu wanapamba nyumba kwa sikukuu, wageni wanakuja, mauzo yanapanda yenyewe. Ukiilinganisha Januari na Desemba, kila mwezi wa kwanza wa mwaka utaonekana msiba.

Sasa hilo la ada za shule. Lilikuwa kisingizio kizuri sana, na kwa sababu hiyohiyo tuliamua kulipa haki yake kwa tarakimu, wala si kwa huruma. Mteja alikuwa nasi Januari ya mwaka uliotangulia pia, na mwezi ule gharama ya mazungumzo ilipanda kutoka 5,000 hadi 5,600 bila sisi kugusa kitu. Tukasema basi, tuichukulie Januari kuwa na haki ya shilingi hizo 600. Kwa 5,600, bajeti ya 3,000,000 ingeleta mazungumzo kama 536, na kwa mnunuzi mmoja kati ya 20 hizo ni seti 27. Msimu, kwa hiyo, unaeleza seti tatu kati ya 18 zilizopotea. Ni Januari moja tu tuliyokuwa nayo ya kulinganishia, na ushahidi wa mwaka mmoja ni mwembamba, lakini hata ukiuongeza maradufu haufiki nusu ya pengo.

Kutoka mazungumzo 536 hadi 375, hapo ndipo palipo mkono wetu. Kwa kiwango kilekile cha mmoja kati ya 20, mazungumzo 375 yangeuza seti 19. Seti nane, toka 27 hadi 19, ziko juu yetu. Zilizobaki saba, toka 19 hadi 12, zilipotea baada ya mtu kuandika “Habari, hii bei gani?” kwenye simu ya duka.

Tulichofanya tarehe 5 ni hiki. Kijana mmoja wa ofisini alipendekeza tuache kuonyesha tangazo Dar es Salaam nzima, tulibane Masaki, Oysterbay, Mikocheni na Mbezi Beach, kwa hoja kwamba huko ndiko kwenye pesa. Mimi nikakubali, saini ni yangu. Hoja ilisikika vizuri kikaoni. Tungefungua daftari la uwasilishaji la duka tungeona sofa zilikuwa zinapakiwa kwenda Goba, Madale, Kigamboni na Kibaha, kwa watu waliomaliza kupiga plasta na sasa wanatafuta cha kukalia. Pesa kuwapo na mtu kuhitaji sofa ni mambo mawili.

Ubaya wa kubana eneo hauonekani siku ileile, na ndiyo maana unadanganya. Nafasi ya tangazo kwenye simu ya mtu huuzwa kwa mnada, kila inapotokea nafasi. Ukichagua watu wachache ambao benki, mawakala wa nyumba na wauza magari nao wanawawania, bei ya nafasi inapanda. Yetu ilipanda kutoka shilingi 3,000 kwa kila maonyesho elfu hadi 3,750. Kisha wale wenye nia ya kununua huwa wa kwanza kujibu. Wakishakwisha, tangazo linabaki kuwazungukia wasiotaka, mara ya tatu, mara ya tano, mara ya saba. Kuna kipimo rahisi cha kulijua hilo: gawanya idadi ya maonyesho kwa idadi ya watu waliofikiwa. Novemba ilikuwa maonyesho 1,000,000 kwa watu 420,000, yaani kila mtu aliliona tangazo mara mbili na kitu. Januari yalikuwa maonyesho 800,000 kwa watu 140,000. Karibu mara sita kila mmoja, picha ileile, sofa ileile ya kijivu.

Ukiufuata mwezi wiki kwa wiki, unamwona mgonjwa akizidiwa. Siku saba za kwanza mazungumzo yaligharimu 5,600, kama Januari ya kawaida. Wiki ya pili 7,500. Ya tatu 9,400. Siku kumi za mwisho zilifika 10,800. Ingekuwa ni ada za shule peke yake, makali yangekuwa mwanzoni shule zinapofunguliwa, kisha yalegee. Huu ulipanda kuanzia siku chache baada ya tarehe 5 na haukushuka tena.

Tena tuliuongezea sumu. Tulipoona wiki ya pili inaharibika tulianza kugusagusa: leo picha, keshokutwa umri wa walengwa, mara tugawe bajeti katika makundi matatu. Mfumo wa Facebook unahitaji matokeo kama 50 kwa kila kundi la tangazo ndani ya siku 7 ili utulie na kujua umtafute nani, na kila mabadiliko makubwa huuanzisha upya. Mazungumzo yetu yalikuwa chini ya 95 kwa wiki, tumeyagawa makundi matatu, na kila siku mbili tunavuruga. Hakuna kundi lililofika 50. Ni kama kuchimbua mbegu kila asubuhi kuangalia kama imeota.

Kuhusu zile seti saba zilizopotea dukani, tuliangalia simu ya duka kwa ruhusa ya mwenyewe. Dada aliyezoea kujibu wateja alikuwa amesafiri kwao tangu Krismasi na hakurudi hadi tarehe 20. Aliyemshikia nafasi alikuwa fundi, anajibu akipumzika. Mtu anauliza bei saa tano asubuhi, anajibiwa saa kumi na moja jioni: “Karibu dukani.” Bei yenyewe hajatajiwa. Wakati huo ameshaulizia kwa wauza sofa wengine wanne.

Inavutia kuishia hapo na kumwambia mteja kwamba karibu nusu ya kosa ni lake. Lakini idadi ndogo hucheza zenyewe. Duka ambalo kwa kawaida lingeuza seti 19 linaweza kuuza 15 mwezi huu na 23 mwezi ujao bila sababu yoyote. Kanuni ya haraka ni kwamba mchezo huo huwa karibu na kipeuo cha pili cha idadi yenyewe, yaani nne hivi kwa 19. Kushuka hadi 12 ni zaidi ya mchezo wa kawaida, ila si mbali kiasi cha kuapa. Majibu ya kuchelewa tuliyaona kwa macho. Kwamba ndiyo yaliyokula seti zote saba, hilo hatukuwa na haki ya kuliandika kama jambo lililothibitika.

Kilichobaki kilikuwa tarakimu moja anayoijua mwenye duka kuliko sisi. Kila seti humwachia faida ya shilingi 220,000 kabla ya kutoa gharama za tangazo. Novemba kila seti ilimgharimu tangazo la 100,000, akabaki na 120,000. Januari kila seti ilimgharimu 250,000. Alikuwa anatoa pesa mfukoni ili auze sofa.

Kabla ya kutuma chochote nilimpigia. Mtu wa rika la mama yangu haandikiwi habari mbaya akaikuta peke yake kwenye simu, tena akiwa Kariakoo anachagua vitambaa. Nilimwamkia, nikamwambia mwezi umeharibika, sehemu kubwa ni sisi, na maelezo yanakuja kwa maandishi kabla ya saa nane. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza swali moja tu: “Mlijua lini, mwanangu?”

Hilo swali halikuwemo kwenye rasimu yangu yoyote. Nimeshawauliza wenzangu kadhaa wa kazi hii, na wote wanasema mteja akishasikia hasara huuliza hilo kabla hata ya kuuliza sababu. Nilimjibu ukweli, kisha nikaliweka kwenye barua pepe, karibu na juu kabisa. Barua yenyewe ilikwenda hivi, kichwa chake kikiwa “Januari: seti 12 badala ya 30, sababu, na tunachoomba ruhusa kufanya”:

“Shikamoo Mama,

Kama tulivyoongea asubuhi, matangazo ya Januari yameuza seti 12. Wastani wa Oktoba na Novemba ulikuwa 30. Bajeti ilitumika yote, shilingi 3,000,000, na faida ya seti hizo 12 ni 2,640,000. Kwa hiyo matangazo yamekutia hasara ya 360,000, kabla ya kuhesabu ada yetu.

Kosa kubwa ni letu. Tarehe 5 Januari tulibana tangazo kwenye maeneo manne ya mjini badala ya Dar es Salaam nzima, bila kukuuliza. Tulidhani tutapata wanunuzi wenye uwezo zaidi. Badala yake watu walewale walionyeshwa tangazo karibu mara sita, na gharama ya kumpata mtu mmoja wa kuzungumza naye ilitoka 5,600 wiki ya kwanza hadi 10,800 mwisho wa mwezi.

Uliuliza tulijua lini. Tuliona dalili tarehe 14. Wakati huo ilikuwa imetumika kama 1,400,000. Tungekupigia siku ile ungeweza kusimamisha 1,600,000 iliyobaki. Hatukupiga kwa sababu tulitumaini kurekebisha kimyakimya, na kila tulichogusa kiliongeza tatizo.

Katika seti 18 zilizopungua, tunakadiria tatu ni za msimu wa Januari, nane ni za uamuzi wetu wa eneo, na saba zilipotea baada ya wateja kuandika dukani. Mbili za kwanza tunazo tarakimu zake. Hii ya tatu tunaikisia tu: tumeona majibu mengi ya Januari yakichukua zaidi ya saa tatu, lakini idadi ni ndogo na sehemu yake inaweza kuwa bahati mbaya.

Tulichokwisha kufanya: leo asubuhi tumesimamisha matangazo yote. Hakuna pesa inayotoka.

Tunachoomba ruhusa: kuanzia Jumatatu turudi Dar es Salaam nzima pamoja na Kibaha, kundi moja tu la tangazo, kwa shilingi 1,000,000 ndani ya wiki mbili. Picha ya kijivu tunaiondoa. Alhamisi tuje karakana turekodi video tatu fupi: mbao za fremu zikiunganishwa, springi na godoro vikiwekwa, na seti ikipakiwa kwenda kwa mteja. Kila video itataja bei. Siku saba za kwanza hatutagusa kitu.

Tunachoomba kutoka kwako: mtu mmoja wa kushika simu ya duka kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku kwa wiki hizo mbili. Tutamwandalia majibu ya haraka kwenye WhatsApp Business yenye bei, vipimo, muda wa kutengeneza na nauli ya kupeleka.

Mahali pa kusimama: Jumatatu mbili baada ya kuanza nitakupigia na tarakimu. Kama mazungumzo yatakuwa yamegharimu zaidi ya 7,000 kila moja, tunafunga na pesa iliyobaki inabaki kwako. Hatuahidi seti 30 Februari.

Ada: ya Januari hatutaidai. Ya Februari tunaomba nusu, na nusu nyingine uamue mwenyewe mwisho wa mwezi.

Nipo kwenye simu hadi usiku.”

Mambo machache humo yanahitaji kuelezwa, kwa sababu ndiyo tuliyobishana juu yake ofisini.

La kwanza ni ile 7,000. Mwenzangu alitaka tuandike “tutajitahidi kushusha gharama”. Kujitahidi hakupimiki. Shilingi 7,000 haikuokotwa hewani: kama duka litaendelea kuuza kwa kiwango kibovu cha Januari, mmoja kati ya 31, basi faida ya 220,000 ikigawanywa kwa watu 31 ni kama 7,100 kwa kila anayezungumza. Juu ya hapo anapata hasara hata mambo ya dukani yasipobadilika hata chembe. Tuliweka kikomo kwa hesabu ya hali mbaya, ili tusije tukajificha nyuma ya dada wa simu.

La pili ni kutaja bei. Watu wengi wa matangazo hawapendi, kwa sababu ukitaja bei idadi ya wanaouliza inapungua na grafu ya ripoti inaonekana nyembamba. Lakini aliyeiona bei na bado akaandika amekwisha kuvuka nusu ya safari. Tulimweleza kwa simu kwamba wanaozungumza wanaweza kupungua na hilo lisimshtue, mradi gharama kwa kila sofa iliyouzwa inashuka. Ningekuwa na nafasi ya kuandika upya, hili ningeliweka kwenye barua yenyewe, kwa kuwa aliyekuja kuisoma kwa makini ni mhasibu wake, ambaye hakuwa kwenye simu. Barua pepe kwa mfanyabiashara wa Dar ina safari yake: inatoka kwake, inakwenda kwa mhasibu, kwa mume, kwa mtoto aliyesoma chuo. Iandike kwa mtu wa tatu ambaye hakukusikia sauti.

La tatu ni ada. Mimi nilikuwa napinga punguzo la haraka. Mara nyingi linanuka kama hongo ya kunyamazisha, na mteja anabaki na tatizo lilelile kwa bei nafuu. Hapa nilikubali kwa sababu moja. Kazi tuliyoifanya Januari ndiyo iliyomharibia. Fundi aliyekata kitambaa vibaya hadai ujira wa kukata. Hata hivyo hatukujitwika kulipa faida ya seti nane alizokosa, kama 1,760,000. Mkataba wetu haukusema hivyo na ofisi isingeibeba. Ahadi kubwa ya toba unayoshindwa kuitimiza ni deni la pili.

Kuna na tarakimu ya mazungumzo yenyewe. Ile 375 inayoonekana kwenye Meneja wa Matangazo si watu 375 kamili. Mfumo unahesabu mazungumzo mapya pia pale mtu aliyekuwa kimya kwa siku 7 au zaidi anaporudi kupitia tangazo. Mtu akionyeshwa tangazo mara sita, kurudi hivyo ni rahisi. Na seti 12 zilitoka kwenye daftari la risiti, ambapo muuzaji huandika mteja alikotuona. Anayepita dukani baada ya kuona tangazo na asiseme, hayumo. Tulihesabu kwa namna hiyohiyo Novemba na Januari, kwa hiyo ulinganisho unasimama, lakini tarakimu moja ikisimama peke yake usiiapie.

Nilijizuia na jambo moja zaidi. Mwezi mbaya kupita kiasi mara nyingi hufuatwa na mwezi usio mbaya sana, hata usipofanya lolote, kwa kuwa sehemu ya ubaya wake ilikuwa bahati tu. Tukipanda Februari tusije tukapiga vigelegele kana kwamba ni dawa yetu iliyoponya yote. Ndiyo maana tuliomba wiki mbili na kikomo cha gharama, kipimo chenye idadi kubwa kidogo, badala ya kusubiri mauzo ya mwisho wa mwezi ambayo hucheza.

Alijibu saa moja usiku kwa ujumbe wa sauti wa sekunde arobaini hivi. Alikuwa hana furaha, na hakuificha. Alisema video zirekodiwe Ijumaa, Alhamisi anapokea mbao. Alisema dada wa simu amerudi, atakaa hadi saa mbili usiku na si saa tatu, ana mtoto. Na alisema tukitaka tena kugusa eneo la tangazo tumuulize, yeye ndiye anayejua gari lake linapeleka sofa wapi.

Wiki mbili zilifunga kwa shilingi 5,900 kwa kila mazungumzo, chini ya kikomo, akaturuhusu 1,500,000 kwa siku zilizobaki. Kipindi hicho chote matangazo yaliuza seti 21. Gharama ya tangazo kwa kila seti ilishuka hadi 119,000. Bado hatujafika 30, na ripoti yetu iliyofuata ilianza na sentensi hiyo. Nusu ya pili ya ada alituma siku tatu baadaye, pungufu ya shilingi 50,000, bila maelezo, na hatukuuliza.